Kupitia si Kusoma: Uhakiki wa Dokezo la Mkuu wa Idara

Andiko ninalolihakiki lina sentensi tano. Lilibandikwa Ijumaa moja ya Mei kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya walimu, katika shule ya sekondari mkoani Singida ninakofundisha Kiswahili. Nalinukuu lote, bila jina la aliyeliandika:

"YAH: KUPITIA RASIMU ZA MITIHANI YA MUHULA WA KWANZA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Walimu wote wa idara mnaombwa kupitia rasimu za mitihani ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne zilizopo mezani kwangu na kufanya marekebisho panapobidi. Rasimu zirudishwe kabla ya Jumatatu saa 4:00 asubuhi bila kukosa. Atakayechelewesha atawajibika. Nawatakia utekelezaji mwema."

Ukilipima kwa vigezo vya uandishi wa taarifa rasmi tunavyowafundisha wanafunzi, dokezo hili linafaulu. Lina kichwa, ni fupi, na lina siku na saa. Hata ile "Husika na kichwa cha habari hapo juu", ambayo haina kazi yoyote isipokuwa kumpa mwandishi muda wa kuvuta pumzi, ni sentensi tuliyoirithi sote na tunaendelea kuirithisha. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko kwenye vitenzi.

Tazama "bila kukosa" imekaa wapi. Haikukaa karibu na kupitia wala karibu na kurekebisha. Imekaa karibu na kurudisha. Na adhabu inamngoja nani? Anayechelewesha. Mwalimu aliyesoma rasimu kwa makini akaileta saa tano ana kosa. Aliyeirudisha saa tatu bila kuifungua hana kosa lolote. Dokezo lenyewe limeamua kitu kimoja tu kinachoweza kupimwa, nacho ni muda wa karatasi kufika mezani. Walimu ni watu wenye akili. Wakiona kinachopimwa, hukifanya hicho hicho.

Kitenzi kikuu nacho ni "kupitia". Ni neno zuri, lakini lina tabia ya njia. Basi la kutoka Dodoma kwenda Mwanza hupitia Singida. Abiria hununua kuku na maji, na Singida hubaki dirishani. Kupitia rasimu kunaweza kuwa hivyo. Unaona herufi iliyorukwa, unaona namba ya swali iliyojirudia, unaweka saini, unaendelea na safari. Nilimuuliza mkuu wa idara, "Madam, tupitie nini hasa?" Akanijibu, "Mwalimu, angalia makosa ya uchapaji. Mengine tutayaona wakati wa kusahihisha."

Hayo mengine ndiyo kazi yenyewe. Kusanifisha mtihani, au kumodereti kama tunavyosema wenyewe tukiwa ofisini, maana yake ni kuuliza mambo matatu ambayo mhariri wa maandishi haulizi. Je, swali lina jibu ambalo mwongozo wa usahihishaji unalitambua? Je, alama zimegawanyika kwa mada kama muhtasari wa somo unavyotaka? Je, swali linapima kile linachodai kupima? Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwa macho yanayotafuta herufi iliyorukwa.

Nichukue rasimu ya Kidato cha Nne iliyokuwa mezani siku hiyo. Ilifuata muundo ambao Baraza la Mitihani hutumia kwa masomo mengi ya sanaa: Sehemu A alama 16, Sehemu B maswali sita ya alama 9 kila moja, Sehemu C alama 30. Jumla 100. Kwa kuipitia tu, ilikuwa safi.

Swali la tano lilisema: "Sentensi ifuatayo ina utata: Musa alimpigia Neema mpira. Toa maana tatu za sentensi hiyo. (Alama 9)." Nilijibu kwanza, kisha nikafungua mwongozo. Mwongozo ulikuwa na maana tatu. Musa aliupiga mpira kuelekea kwa Neema. Musa aliupiga mpira kwa niaba ya Neema. Musa alimpiga Neema kwa sababu ya mpira. Mimi nilikuwa na nne. Ya nne ni kwamba Musa alitumia mpira kumpiga Neema. Kiambishi -i- cha kauli ya kutendea hubeba mwelekeo, niaba, sababu na pia kifaa, kama tunavyosema kisu cha kukatia nyama au kalamu ya kuandikia. Wanafunzi tumewafundisha hivyo sisi wenyewe, darasani.

Sasa mfikirie mwanafunzi anayeandika maana ya nne na kuacha mojawapo ya zile tatu. Msahihishaji mwenye madaftari 120 hafikirii upya sarufi, anafuata mwongozo. Mwanafunzi anapoteza alama 3 kwa jibu sahihi. Alama 3 zinaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba katika viwango vya Kidato cha Nne, C huanzia 45. Mwenye 42 ana D. Mwanafunzi huyo huyo, kwa sentensi hiyo hiyo, angeweza kuwa na C, na ni C ndizo zinazohesabiwa mtu anapotafuta nafasi ya Kidato cha Tano. Mtihani wa muhula si mtihani wa taifa, lakini ndio unaomwambia mtoto yeye ni nani katika somo hili, na unamwambia mwalimu arudie nini. Hapa ungewaambia wote wawili uongo.

Kulirekebisha swali hilo kulihitaji mistari miwili tu. Kwenye swali, "Toa maana zozote tatu na ueleze dhima ya kiambishi -i- katika kila maana." Kwenye mwongozo, maana ya nne iongezwe, na kila maana iwe na alama 1 kwa maana na 2 kwa maelezo. Lakini huwezi kufika hapo kwa kusoma swali. Unafika kwa kulijibu, tena kabla ya kuuona mwongozo, kwa sababu ukishauona mwongozo akili yako hukubaliana nao.

Jambo la pili lilihitaji kalamu na karatasi tupu. Niliandika mada upande mmoja na alama upande wa pili, jedwali ambalo lingepaswa kutangulia rasimu na halikuwepo. Sarufi ilipata alama 43. Fasihi andishi 30. Fasihi simulizi 18. Uandishi 9. Ufahamu na ufupisho, sifuri. Mtihani wa Kiswahili wa Kidato cha Nne haukuwa na kifungu hata kimoja cha kusoma, ilhali mada hiyo imo kwenye muhtasari.

Mtu wa nje angesema mtunzi alisahau. Ukiifahamu shule, unajua sababu. Kifungu cha habari kinakula ukurasa mzima. Wanafunzi 120 ni kurasa 120, na karatasi za kudurufu zimehesabiwa. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba watoto wa shule yetu wasipimwe kusoma. Karatasi ndiyo iliyoamua, na dokezo halikuuliza.

Hapo ndipo nilipoielewa pia ile saa 4:00 asubuhi. Tarehe ya mwisho haikutoka kwenye mtihani. Ilitoka kwenye mashine ya fotokopi. Ofisi ya taaluma inataka rasimu Jumatatu ili kudurufu kuanze kabla umeme haujakatika au wino haujaisha. Mkuu wa idara naye amebanwa katikati, ana vipindi vingi kuliko mimi na rasimu nane mezani. Dokezo lake ni sauti ya mtu anayesukumwa na anayesukuma. Kulihakiki si kumhakiki yeye.

La tatu ni gumu zaidi, kwa kuwa linagusa undugu. Swali moja la Sehemu C lilisema: "Eleza dhamira tatu katika Takadini na tatu katika Watoto wa Mama N'tilie." Riwaya hizi zimekuwa shuleni miaka mingi, na dhamira zake zimo kwenye kila kijitabu cha uchambuzi kinachouzwa stendi. Swali hilo halipimi kama mtoto amesoma riwaya. Linapima kama amekariri kijitabu. Lingeweza kusema: "Sekai anakikimbia kijiji chake ili kumwokoa mwanawe. Peter na Zita wanafukuzwa shule na kuishia jalalani. Ni jamii ipi kati ya hizo mbili inamtelekeza mtoto zaidi? Jadili kwa kutumia matukio." Hapo asiyesoma hana pa kujificha. Lakini mtunzi wa swali anakaa meza ya pili kutoka yangu, na ndiye aliyenishikia vipindi nilipokuwa na msiba. Idara ina walimu watatu. Dokezo linaposema "walimu wote" bila kusema nani anasoma ya nani, na bila kusema maoni yanaandikwa wapi, kila mmoja anachagua amani. Anarekebisha nukta na mkato, maana nukta haina mwenyewe.

Kwa hiyo hivi ndivyo ningeliandika upya, kwa urefu unaokaribiana:

"Mwalimu, katika bahasha hii kuna rasimu moja ambayo hukuitunga wewe. Jibu maswali yote kwa dondoo kabla ya kufungua mwongozo, kisha andika kila mahali majibu yako yanapotofautiana nao. Hesabu alama za kila mada na uzilinganishe na muhtasari. Maoni yote yawe kwenye karatasi ya pembeni. Rasimu isiguswe mpaka ukutane na mtunzi Jumatano saa 8:00 mchana. Rasimu zilizokubaliwa na wote wawili ziende kudurufiwa Ijumaa."

Ni sentensi sita, moja tu zaidi ya zile za kwanza. Kujibu mtihani wa saa tatu kwa dondoo hunichukua kama saa moja na nusu, na bahasha moja kwa mwalimu mmoja inabebeka katikati ya wiki. Tarehe bado ipo, ila sasa ziko mbili: moja ya mazungumzo na moja ya mashine. Kukutana na mtunzi kumekuwa agizo, hivyo kumwambia mwenzako swali lake lina maana ya nne hakuonekani tena kama kumvunjia heshima.

Dokezo bora halitaongeza karatasi za kudurufu. Kifungu cha ufahamu kitaendelea kugharimu kurasa 120, na huenda jibu likawa kukisoma kwa sauti mbele ya darasa, au kufupisha Sehemu A ili kipate nafasi. Lakini angalau kutakuwa na mtu aliyeandika "ufahamu: 0" kwenye karatasi ya pembeni, na mtu wa pili atakayelazimika kujibu kwa nini.