Risiti Moja, Mtungi Mmoja

Fundi ninayemsifu hapa ni yule anayeandika kipande cha programu kinachopokea taarifa za malipo. Kazi yake haionekani, ila inapoharibika huonekana stoo.

Chukua duka la gesi la Ukunda. Mteja wa Galu anaagiza mtungi wa kilo 13 kwenye tovuti ya duka, simu inamwomba namba ya siri ya M-Pesa, analipa. Muda si muda Daraja, lango la Safaricom linalounganisha programu za watu na M-Pesa, linaipelekea seva ya duka taarifa: `ResultCode` ni 0, `MpesaReceiptNumber` ni NLJ7RT61SV. Seva inapunguza mtungi mmoja kwenye hesabu na kumtumia mwenye boda ujumbe. Taarifa hiyohiyo ikiingia tena, hesabu inapungua tena, boda anaitwa tena, na mteja wa Galu anapata mitungi miwili kwa pesa ya mmoja.

Kwa nini irudi? Mtumaji wa taarifa husubiri jibu. Jibu likipotea njiani, au seva ikichelewa kwa kuwa inashughulika na boda kwanza, mtumaji hana njia ya kujua kama taarifa ilifika. Akinyamaza, huenda malipo yakasahaulika. Akirudia, huenda yakahesabiwa mara mbili. Malango mengi huchagua kurudia. Stripe, kwa mfano, hueleza wazi kwamba hujaribu tena kwa hadi siku 3 na kwamba tukio moja linaweza kufika zaidi ya mara moja. Nakubaliana na uchaguzi huo kabisa: marudio yanaweza kutambuliwa na mpokeaji, lakini taarifa isiyofika hakuna anayeiona.

Basi mzigo ni wa mpokeaji, na hapo ndipo ustadi unapopimwa. Dawa ya haraka ni kutafuta kwanza kama risiti imo kwenye jedwali, na isipokuwamo kuiandika. Inaonekana salama, tena hupita majaribio yote ya mtu mmoja. Lakini taarifa mbili zikiingia kwa wakati mmoja, zote zinatafuta, zote zinakuta hamna, zote zinaandika. Fundi mzuri haulizi kwanza. Anaandika moja kwa moja, na hifadhidata yenyewe ndiyo inayokataa ya pili, kwa kuwa `checkout_id`, yaani `CheckoutRequestID` ya taarifa, imewekewa sharti la kutojirudia. Katika PostgreSQL:

```sql
INSERT INTO taarifa (checkout_id, risiti, oda)
VALUES ('ws_CO_191220191020363925', 'NLJ7RT61SV', 412)
ON CONFLICT (checkout_id) DO NOTHING;
```

Ikirudisha mstari 1, taarifa ni mpya: katika muamala huohuo wa hifadhidata, kama `ResultCode` ni 0 na oda 412 ilikuwa haijalipwa, oda hiyo inawekwa kuwa imelipwa na kazi ya kupeleka mtungi inaandikwa kwenye jedwali lake. Ikirudisha 0, hakuna kinachoguswa. Kwa vyovyote vile, muamala ukishafungwa, mtumaji anajibiwa kwamba imepokelewa. Kumjibu kosa kwa sababu taarifa ni ya marudio ni kumwomba aitume tena. Na kumjibu kabla ya kuandika ni hatari zaidi: umeme ukikatika hapo, pesa imeingia na duka halina habari.

Nimetumia `CheckoutRequestID` kwa kuwa huja hata mteja akighairi, ambapo hakuna risiti. Namba ya simu na kiasi havifai kuwa utambulisho. Mwenye hoteli ndogo Diani anaweza kununua mitungi miwili ya bei moja jioni moja kwa makusudi, na programu inayoitupa oda yake ya pili imemdhulumu. Kinyume chake pia hutokea: mteja anaona kimya, analipa oda 412 upya, na sasa zipo risiti mbili tofauti. Hayo si marudio ya taarifa, ni pesa mbili za kweli. Zote zinaandikwa, mtungi unakwenda mmoja, na malipo ya pili yanaonyeshwa kwa mtu ili ayarudishe.

Mpaka wa ufundi huu ni barabarani. Hifadhidata haiwezi kulifuta agizo ambalo boda amekwisha kulisoma, na programu inayotuma ujumbe inaweza kuzima baada ya kutuma, kabla ya kuandika kwamba imetuma. Ikiwaka, inatuma tena. Kwa hiyo ujumbe wa boda hubeba namba ya oda, na karani wa stoo hatoi mtungi kwa namba iliyokwisha kutiwa alama. Kila jioni linganisha mitungi iliyotoka kwa oda za mtandaoni na risiti za taarifa ya M-Pesa. Mitungi ikizidi, tafuta namba ya oda iliyotoka mara mbili.

Na kabla duka halijafunguliwa kwa wateja, itume taarifa moja kwa `curl` mara ishirini kwa pamoja, si moja baada ya nyingine, kisha hesabu mistari ya jedwali la kazi.