Barua ya Kukataa Fedha

Barua za kukataa hazisomwi kama zinavyostahili. Tunazihakiki mashairi na riwaya, lakini barua ya aya tatu inayorudisha fedha za watu tunaiona ni kazi ya ofisi tu. Nami ninayo moja mbele yangu, niliyopewa kwa ridhaa ya mwandishi wake, mama anayehariri kijarida cha akina mama wanaonyonyesha hapa Mombasa. Kampuni ya maziwa ya watoto ilijitolea kulipia uchapaji wa mwaka mzima, mradi nembo yake ikae jalada la nyuma. Wakati huo deni la mpiga chapa lilikuwa la matoleo mawili.

Kwanza msomaji aelewe ugumu wenyewe. Kampuni haikutaka kutangaza maziwa ya mtoto mchanga. Hayo yamekatazwa kutangazwa kwa umma na Kanuni ya Kimataifa iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1981, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2012. Ilitaka kutangaza maziwa ya mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Ukiyatazama makopo mawili hayo, jina ni lile lile, rangi ile ile, na mnyama mdogo ni yule yule. Tofauti ni tarakimu tu. Mama mwenye mtoto wa miezi miwili hasomi tarakimu, hulikumbuka kopo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ukayahesabu maziwa hayo ya hadi miezi 36 kuwa ni mbadala wa maziwa ya mama, na ukaonya juu ya bidhaa moja kuitangazia nyingine.

Rasimu ya kwanza ya barua ilisema hivi: "Tunasikitika kwamba kwa sasa hatutaweza kupokea ufadhili wenu, ila tutawasiliana hali ikiruhusu." Ni Kiswahili kizuri cha barazani. Jirani akikuomba kitu ukamjibu "tutaona", ameshaelewa na anaaga bila kinyongo. Lakini ofisa wa mauzo si jirani. Maneno "kwa sasa" huyaandika katika daftari lake kuwa ni ahadi, na baada ya miezi mitatu anarudi na kiasi kikubwa zaidi. Upole wa namna hiyo haumsaidii yeye wala aliyeuandika, kwa kuwa unamwacha mtu akingojea kisichokuja.

Barua iliyopelekwa ni hii:

"Ndugu Meneja, tunakushukuru kwa barua yako na kwa muda ulioutumia kuyasoma matoleo yetu. Hatutapokea ufadhili huu. Wasomaji wetu wengi wana watoto wasiofikia miezi sita, nao hutuandikia kuuliza kama maziwa yao yanatosha. Hatuwezi kuwajibu ukurasa wa tano kwamba yanatosha, kisha jalada la nyuma likawaonyesha kopo. Uamuzi huu unahusu kila kampuni ya maziwa ya watoto, na hautategemea kiasi. Makopo manne uliyotuletea tunayarudisha pamoja na barua hii. Tunakutakia kila la heri."

Tazama mahali lilipokaa neno la kukataa: sentensi ya pili, fupi, bila "samahani". Shukrani iliyotangulia ni ya kitu mahususi, kwa hiyo haisomeki kama sukari ya kufunikia shubiri. Sababu nayo imetolewa upande wa wasomaji. Angeweza kumsomea meneja Kanuni ya 1981 kifungu kwa kifungu, na angekuwa na haki; lakini hapo angefungua mabishano, maana kampuni ina mwanasheria wa kujibu kwamba kopo lake ni la mtoto mkubwa. Hakuna mwanasheria wa kubishana na ukurasa wa tano. Na aliposema "kila kampuni", alimwondolea meneja fedheha ya kudhani ni yeye peke yake aliyekataliwa, akawafungia pia washindani wake.

Sentensi ya makopo ndiyo niipendayo kuliko zote. Sampuli ikibaki ofisini, siku moja atapita mama anayelia, na mtu mwenye huruma atampa. Mtoto akizoea chupa hunyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza maziwa. Kopo likiisha, mama analazimika kununua la pili.

Lipo moja nisiloridhika nalo. "Hatuwezi" ya sentensi ya nne ni dhaifu, kwa kuwa wangeweza kabisa. Fedha zilikuwa mezani na mpiga chapa alikuwa akipiga simu. Ningeandika "hatutawajibu". Nilipomwambia hivyo mhariri alicheka, akasema, "Mwalimu, toleo lililofuata lilitoka kurasa nane badala ya kumi na sita. Hiyo 'hatuwezi' niachie."