Kuisoma Sare Kwenye Picha

Januari inapokaribia na shule zinajiandaa kufunguliwa, fundi cherehani wa Manzese huletewa picha nyingi kuliko sampuli. Mzazi hana sare ya zamani mkononi. Ana simu, na ndani yake yumo mtoto wa jirani aliyepigwa picha siku ya mahafali. "Fundi, nishonee kama hii." Fundi anayejua kazi hakimbilii mkasi. Kwanza anaigeuza picha kuwa maandishi ya daftarini, kwa sababu anayekata, anayeshona na anayedarizi nembo huenda ni watu watatu, na wawili kati yao hawataiona simu hiyo kamwe.

Kuandika "shati jeupe na sketi ya bluu" hakusaidii kitu. Hiyo ndiyo sare ya shule nyingi za msingi za serikali nchini. Shule hutambulika kwa sweta, tai, kola na nembo, na huko ndiko maelezo yanakopaswa kuwa mengi.

Rangi ndiyo inayodanganya zaidi. Kamera ya simu hukisia mwanga, na ikikosea, sare nzima hukosea nayo. Jua la saa saba hulififisha shati la samawati likaonekana jeupe, na kivuli huifanya bluu iliyoiva ionekane nyeusi. Sweta la damu ya mzee, chini ya taa ya njano, huelekea kahawia. Kwa hiyo fundi hatazami rangi peke yake, hutafuta kitu anachokijua ndani ya picha ileile. Viatu vya shule ni vyeusi: sketi ikilingana navyo kabisa kwenye mwanga uleule, huenda ni nyeusi kweli, ikitofautiana navyo kidogo, ni bluu. Soksi nyeupe zikionekana za krimu, basi picha yote imeingia unjano, na kila rangi iliyoandikwa lazima ipunguziwe unjano huo. Shati likiwa limeunguzwa na jua, hutazama ndani ya mikunjo ya kwapa na kiwiko, maana hapo samawati hubaki.

Kola huandikwa kwa umbo lake. Je, ina ukanda unaosimama shingoni kabla ya kukunjika, kama ya shati la tai, au imelala bapa mabegani? Ncha zake zimechongoka au ni za mviringo? Je, kuna utepe ukingoni, mistari mingapi, na mstari upi uko nje? Tai ikiifunika kola, sehemu iliyofichwa huandikwa kuwa haionekani.

Nembo ndipo wengi wanapoteleza, hasa katika neno kushoto. Kushoto kwa nani? Picha ya mtu anayekutazama huweka mfuko wa kushoto upande wako wa kulia, kwa hiyo daftari liseme daima "kushoto kwa mvaaji". Tena ipo picha ya kujipiga mwenyewe, ambayo baadhi ya simu huigeuza kama kioo. Herufi zikisomeka kinyumenyume, jibu limepatikana. Zisiposomeka, tazama vifungo: shati la kiume kwa kawaida hufunga upande wa kushoto wa mvaaji juu ya wa kulia. Ukiona kinyume kwa mvulana, shuku picha kwanza kabla ya kumshuku aliyelishona.

Chukua mfano wa sweta moja. Maelezo yanayofaa yatakuwa hivi: "Sweta la kijani kizito, shingo ya V, mistari miwili ya njano kwenye V na kwenye vikono. Nembo kifuani, kushoto kwa mvaaji: ngao yenye ukingo wa njano, ndani kitabu cheupe kilichofunguliwa, juu yake mwenge mwekundu. Chini, utepe wenye maneno, hayasomeki." Neno hilo la mwisho ni la thamani. Mdarizi akiyakisia maneno ya utepe, mtoto atavaa kaulimbiu ya shule isiyokuwepo.

Sare za kazi nazo husomwa vivyo hivyo. Kwa ya muuguzi, angalia pia mkanda, mabega na beji ya jina. Kwa mlinzi wa kampuni, tahadhari huongezeka: kitambaa cha mabaka na alama za begani zisifanane na za jeshi. Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. "Shati la kijani" na "shati la kijani la mabaka" ni mambo mawili tofauti kabisa.

Panapobaki shaka, fundi hurudi kwa mzazi na ombi mahususi: "Mama, rudi kwa jirani, ulilaze sweta lao kivulini, uweke karatasi nyeupe na rula pembeni ya nembo, upige kutoka juu, kisha unitumie WhatsApp kama hati, si kama picha." Hati haibanwi, ndiyo maana herufi za utepe huweza kusomeka. Na rula itamwambia mdarizi upana wa ngao, jambo ambalo picha ya mahafali haikuweza kulisema.