Bia mbili sokoni, na uzito wa kesho

Kwa miongo mingi Bralirwa ya Gisenyi, yenye Primus na Mützig, haikuwa na mshindani mkubwa wa bia nchini Rwanda. Mwaka 2010 Skol ikaingia, ikiwa na kiwanda Nzove, Kigali. Soko la wawili ndilo wachumi hulitilia shaka mapema: je, wanaweza kushikilia bei ya juu bila hata kupigiana simu? Sisemi wamefanya hivyo. Nimeazima umbo la soko tu, na faranga zote hapa chini ni za mfano.

Kila kitu kinategemea δ, yaani faranga 1 ya kipindi kijacho ina thamani gani leo. Kampuni n zikilingana kwa gharama, kila moja hupata sehemu ya 1/n ya faida. Anayeshusha bei kwa siri hubeba soko zima kwa kipindi kimoja, kisha wenzake wanashusha nao hadi kwenye gharama na faida inakwisha. Uvumilivu unalipa iwapo:

δ ≥ 1 − 1/n

Wakiwa wawili inatosha 0.5. Wakiwa watatu ni 0.67, na wakiwa kumi ni 0.9.

Sasa gharama zitofautiane. Sababu hazikosekani: kiwanda cha Gisenyi kiliwahi kuchemshia boila zake kwa gesi ya methani ya Ziwa Kivu, lakini bia yake husafirishwa mbali kufika Kigali. Tuseme kampuni A hutumia faranga 600 kwa chupa, B hutumia 700, bei ya maelewano ni 1,000, nazo zinagawana soko nusu kwa nusu. A hupata wastani wa 200 kwa kila chupa inayouzwa sokoni. Akikiuka anapata 400. Vita vya bei vikianza, A anauza chini kidogo ya 700, B anatoka, na A anabaki na karibu 100 kila kipindi. Adhabu hiyo haimuumizi sana, kwa hiyo:

200 ≥ 400(1 − δ) + 100δ, yaani δ ≥ 0.67

B bado anahitaji 0.5 tu. Tofauti ya faranga 100 imeleta ugumu uleule ambao kampuni ya tatu ingeleta, na anayeyumba ni yule mwenye gharama nafuu, si dhaifu kama wengi wanavyodhani.

Dawa ni kumwongezea A mgawo. Akipewa 4/7 ya soko, wote wawili wanahitaji 0.57. Lakini bila kuzungumza, nani atakubali kupunguziwa, na kwa ishara gani? Gharama ya B ikifika 800, mgawo wa nusu kwa nusu unadai δ ya 1, jambo lisilowezekana. Hata A akipewa 2/3, kiwango ni 0.67.

Hesabu hii inadhani mkiukaji anaweza kuhudumia soko zima. Kiwanda chenye kreti na matangi machache hakiwezi, hivyo kishawishi hupungua, ila na adhabu ya wengine hupungua pia. Tena, urefu wa kipindi ni muda ambao punguzo la siri kwa muuzaji wa jumla hukaa bila kugunduliwa. Kwa riba ya asilimia 16, mwaka mzima wa kufichika hushusha δ hadi 0.86.