Diski pacha iliyofungwa vizuri

Ukiniletea kompyuta ya mezani na kuniambia ina diski pacha, sianzi kwa kufungua kasha. Naanza kwa kuuliza: diski moja ikifa usiku wa leo, utajuaje? Wengi hunionyesha kwamba mafaili yote yanafunguka. Hilo halithibitishi lolote, maana mafaili yatafunguka hata kama diski moja ilikufa miezi mitatu iliyopita. Mpango wenyewe umebuniwa ili diski moja ikifa kazi isisimame. Fundi mzuri humaliza nusu ya pili ya kazi hiyo: kifo kisichoonekana kwenye mafaili kimfikie mwenye mashine siku hiyo hiyo.

Tuchukue mfano wa studio ya picha za harusi. Kompyuta inatumia Linux, na ndani yake kuna diski mbili za terabaiti 4 zilizounganishwa kwa programu ya `mdadm`, ili kila picha iandikwe kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Kwenye menyu mpangilio huu unaitwa RAID 1. Namba hiyo inatokana na makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hoja yao ilikuwa kwamba diski za bei nafuu zikikusanywa nyingi, mara kwa mara moja itakufa, kwa hiyo mashine lazima iweze kuendelea bila hiyo moja. Walikuwa wanazungumzia diski kufa. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Kabla ya programu, soma lebo za diski zenyewe. Diski mbili zilizotoka kiwandani pamoja, zikanunuliwa pamoja na kuzunguka saa zile zile kwenye joto lile lile, zina kila sababu ya kuchoka pamoja. Nikikuta tarehe za kutengenezwa zimepishana, au kampuni mbili tofauti, najua aliyenunua alifikiri. Jambo la pili ni jinsi diski inavyoandika. Ziko diski ambazo mistari yake ya data hulaliana kama vigae vya paa, na kwenye karatasi ya vipimo huandikwa SMR. Kwa kuhifadhi tu hazina ubaya. Lakini siku ya kujaza diski mpya kutoka kwa ile iliyobaki, kasi yake inaweza kushuka vibaya sana, na muda wote huo studio inategemea diski moja tu. Kwa jozi, chagua zilizoandikwa CMR. Diski ya CMR ya terabaiti 4 ikijazwa kwa wastani wa megabaiti 150 kwa sekunde inamaliza kwa saa saba na nusu hivi.

Mazabodi nyingi zina RAID yao kwenye menyu ya kuwashia. Mimi siipendi. Mazabodi ikiungua, mara nyingi utahitaji nyingine ya aina ile ile ndipo jozi itambulike bila usumbufu. Jozi ya `mdadm` hubeba maelezo yake ndani ya diski zenyewe, na kompyuta yoyote ya Linux itaisoma.

Kuiunda ni amri moja, na kwenye amri hiyo ndipo ustadi unapoonekana:

```
mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 \
  /dev/disk/by-id/ata-DISKI_A-part1 \
  /dev/disk/by-id/ata-DISKI_B-part1
```

Fundi wa haraka angeandika `/dev/sdb1` na `/dev/sdc1`. Majina hayo hugawiwa wakati wa kuwasha na yanaweza kubadilishana. Majina ya `by-id` yana namba ya usajili wa diski, ile ile iliyochapwa kwenye lebo yake. Fundi mzuri huandika pia tarakimu za mwisho za namba hiyo kwenye karatasi na kuibandika upande unaoonekana kasha likifunguliwa. Sababu ni kwamba ajali kubwa kwenye diski pacha hutokea siku ya matengenezo: moja imekufa, mtu anachomoa ile nzima, au anaiumbiza upya akidhani ndiyo mbovu.

Sasa fungua `/proc/mdstat`. Jozi iliyo timamu itaonyesha `[2/2] [UU]`. Ukiona `[2/1] [U_]`, diski moja haipo kazini. Chini yake tafuta mstari wenye neno `bitmap`. Huo ni orodha ya sehemu zilizokuwa zinaandikwa hivi karibuni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jozi yenye orodha hiyo hulinganisha sehemu hizo tu na kumaliza kwa muda mfupi. Isiyo nayo itapitia terabaiti zote 4 upya, na panapokatika umeme kila mara haitapumzika.

Hakuna mtu anayefungua `/proc/mdstat` kila asubuhi, kwa hiyo nauliza taarifa zinakwenda wapi. Anwani ya barua pepe huwekwa kwenye mstari wa `MAILADDR` ndani ya `mdadm.conf`, lakini kuwepo kwa mstari huo hakutoshi, kwa sababu kompyuta nyingi za mezani hazijapangwa kutuma barua kabisa. Toa amri hii kisha uangalie simu yako:

```
mdadm --monitor --scan --test --oneshot
```

Barua isipofika, jozi hiyo haijakamilika, hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Kinachofuata ni jaribio ambalo mafundi wengi huliruka. Zima kompyuta, chomoa waya wa data wa diski moja, washa. Ikiwa mfumo wenyewe umo kwenye jozi, hapa ndipo utakapogundua kwamba sehemu ya kuwashia iliwekwa kwenye diski ya kwanza peke yake. Ikiwaka na barua ikafika, zima, rudisha waya, washa, na uirudishe diski kwa `mdadm /dev/md0 --re-add` ikifuatiwa na jina lake. Subiri mpaka `[UU]` irudi, ndipo uchomoe ile nyingine. Usiharakishe hapo. Ukiwasha kwa diski ya kwanza peke yake, kisha kwa ya pili peke yake kabla hazijalingana, kila moja itakuwa na maandishi ambayo mwenzake hana, na itabidi uamue ipi ipoteze.

Kuna udhaifu mmoja ambao hata jozi nzuri inao. Sekta ikigoma kusomeka, `mdadm` huchukua data kwa pacha wake na kuiandika upya pale palipogoma. Lakini diski ikirudisha data yenye makosa bila kulalamika, jozi haina njia ya kujua nani mkweli. Ukaguzi wa kila mwezi, ambao Debian huupanga yenyewe, huhesabu tofauti hizo kwenye faili liitwalo `mismatch_cnt`, basi. Anayetaka mashine ijue nakala ipi ni sahihi atumie ZFS au Btrfs, ambazo huhifadhi alama ya uhakiki kwa kila kipande cha data.

Tuseme studio yetu imepita mitihani yote. Jumamosi jioni kijana wa kuhariri anafuta folda ya harusi akidhani ni nakala ya kazi aliyokwisha kuikabidhi. Diski zote mbili zinapokea amri hiyo kwa wakati mmoja na kuitii kikamilifu. Jozi haijakosea, `[UU]` bado inang'aa. Ndivyo itakavyokuwa pia kirusi kikifunga mafaili kwa kudai fidia. Umeme ukirudi kwa kishindo, au mwizi akibeba kasha, diski zote mbili ziko kwenye pawa saplai moja na ndani ya bati moja. Patterson na wenzake walijibu swali la diski kufa. Maswali haya mengine yanahitaji bekapu.

Tarehe 31 Januari 2017 jambo hili liliikuta GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu. Walikuwa na hifadhidata kuu na nyingine iliyoifuata kila inapobadilika. Ile ya kufuata ilipokwama, mhandisi alikusudia kufuta data yake ili ianze upya, akafuta ya ile kuu. Takriban gigabaiti 300 zilitoweka. Walipogeukia bekapu za kila siku, wakakuta hazikuwa zikifanyika, kwa sababu programu ya kuzitoa ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine. Kilichoingizwa katika saa hizo kwenye hifadhidata hiyo kilipotea.

Kwa hiyo bekapu nayo ninaikagua, na swali la kwanza ni: nionyeshe faili hili lilivyokuwa Jumanne iliyopita. Hapa bekapu nyingi za nyumbani huanguka. Utakuta kila usiku `rsync --delete` inaifananisha diski ya nje na ile ya ndani. Folda iliyofutwa Jumamosi jioni itafutwa na huko usiku huo huo. Hiyo ni pacha wa tatu anayechelewa kwa saa chache. Bekapu lazima iwe na zamani yake. Programu kama `restic` huweka picha ya kila siku bila kurudia data isiyobadilika, na unaiambia ibakize zipi:

```
restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 \
  --keep-monthly 12 --prune
```

Swali la pili ni mahali. Diski ya nje inayobaki imechomekwa usiku na mchana itafungwa na kirusi kile kile. Kwa studio ningeweka diski mbili za nje zinazopokezana kila wiki: moja kazini, nyingine nyumbani kwa mwenye studio, haijaunganishwa na chochote. Mpiga picha Peter Krogh aliisambaza kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Katika hesabu hiyo, mimi diski pacha huzihesabu kuwa nakala moja.

Swali la mwisho halijibiwi kwa maneno. Nachagua harusi moja ya miezi iliyopita, mwenye studio anairudisha kwenye folda tupu mbele yangu, kwa kompyuta nyingine, akiwa na nywila aliyoihifadhi nje ya mashine hii. Bila nywila hiyo data ya `restic` haifunguki kamwe, na mara nyingi ninakuta imeandikwa kwenye faili lililomo ndani ya diski pacha zenyewe. Picha zikirudi, tunafungua tano au sita kwa ukubwa kamili na kuzitazama mpaka kwenye kona, kisha tunaandika tarehe ya jaribio kwenye lebo ya diski ya nje, pamoja na tarehe ya jaribio lijalo.