Maji Yamekwamia Wapi? Uchambuzi wa Mashine ya Kuoshea Vyombo Iliyogoma Kutoa Maji

Jiko lilikuwa ghorofa ya tatu, kata ya Jangwani, mitaa michache kutoka soko la Kariakoo. Mwenye nyumba, dada mmoja, alifungua mlango wa mashine akanionyesha: vyombo vimeoshwa, lakini chini yake yamesimama maji ya kijivu yenye mafuta, yamefunika chujio lote. Fundi aliyenitangulia alikwisha kutoa hukumu kwamba pampu imekufa, na bei ya pampu nyingine alikuwa ameshaitaja. Nilimwomba dada asubiri. Maji yaliyosimama hayasemi ni kifaa gani kimeharibika. Yanasema tu kwamba njia imefungwa mahali fulani, na kazi ya fundi ni kupatafuta mahali hapo kwa utaratibu.

Njia yenyewe ni fupi. Maji machafu hupita kwenye chujio, hushuka katika shimo dogo lililo chini yake, huvutwa na pampu ya kutolea maji, husukumwa ndani ya mpira ulio nyuma ya mashine, kisha huingia kwenye trapu ya sinki. Vituo ni vinne: chujio, pampu, mpira na sinki. Kila kimoja kikiziba huacha dalili yake, na dalili hizo zinaweza kusomwa kabla ya kununua chochote.

Kwanza niliuliza maswali mawili. Je, umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kazi? Baadhi ya mashine, hasa za zamani, umeme ukirudi haziendelei pale zilipoishia, hivyo maji hubaki ndani bila kuwa na ubovu wowote. Dada alisema hapana, tatizo linajirudia kila siku. Swali la pili: kuna kitu gani kimebadilika jikoni hivi karibuni? Akakumbuka kwamba wiki mbili nyuma walibandika vigae vipya, na mashine ilivutwa nje kisha ikarudishwa. Wiki ya kwanza ilifanya kazi vizuri. Ya pili ikaanza kubakiza maji, kidogo kidogo, hadi yakafikia kiwango hicho nilichokiona.

Jibu hilo nililiweka akilini, lakini sikuruka moja kwa moja hadi nyuma ya mashine. Nilianza na chujio kwa sababu ndilo lililo karibu, na kwa sababu lina kipimo kimoja kizuri ambacho mafundi wengi hukipita.

Nilichomoa plagi ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi pale mikono inapoingia kwenye maji. Kisha nikaangalia usawa wa maji, nikazungusha chujio na kulinyanyua polepole. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Kama chujio ndilo lililoziba, pampu huwa imeshamaliza maji ya shimoni, ila yale ya juu yameshindwa kushuka. Ukilinyanyua, maji hudidimia ghafla na kujaza shimo. Lakini kama shimo lenyewe limejaa, usawa haubadiliki, na maana yake ni kwamba kizuizi kiko mbele zaidi: kwenye pampu, mpira au sinki.

Maji ya Jangwani hayakushuka hata kidogo.

Chujio lenyewe, hata hivyo, lilikuwa chafu kwelikweli. Punje za wali, mbegu za limau na utando wa mafuta ya nazi vilikuwa vimejaa kwenye wavu mwembamba. Mtego uko hapa. Fundi akiona uchafu huo huamini amempata mwizi, husafisha, hurudisha na kuondoka. Uchafu ule ulikuwa kosa la kweli, lakini haukuwa chanzo cha maji kusimama, kwa kuwa kipimo cha usawa kilikuwa kimeshakataa. Tulilisafisha kwa maji ya moto, sabuni na brashi laini. Brashi ya waya hupanua matundu ya wavu, na baada ya hapo punje hupita hadi kwenye pampu.

Nilikomba maji yote kwa kikombe na sifongo, yakafika lita 4 hivi kwenye ndoo. Shimoni huingizi mikono mitupu, kwani vipande vya glasi iliyovunjika hukaa humo humo. Ndani ya shimo, pembeni, kuna kifuniko kidogo cha plastiki kinachoifunika impela, yaani kile kipepeo kinachosukuma maji. Kwenye mashine nyingi hutoka kwa kuvutwa au kwa skrubu moja. Nilikitoa, nikamulika kwa tochi. Hapakuwa na glasi, mfupa wa samaki wala kijiti cha meno.

Nikaisukuma impela kwa ncha ya kijiko cha mbao. Ilizunguka kwa kurukaruka, hatua kwa hatua, kana kwamba kuna kitu kinaikamata na kuiachia. Nadhani hapo ndipo fundi aliyenitangulia alipoamua kuwa pampu imekwama. Lakini pampu nyingi za aina hii zina sumaku kwenye mhimili wake, na sumaku hiyo hushikwa na chuma kilicho kwenye koili hata kama umeme haupo. Kurukaruka huko ni afya. Ugonjwa ni impela isiyosogea kabisa, au inayozunguka laini bila mshiko wowote, ambayo mara nyingi imevunjika na kuachana na mhimili wake.

Baada ya hapo nilirudisha kifuniko na chujio, nikamimina lita 4 za maji safi ndani, nikarudisha plagi na kuiamuru mashine itoe maji. Sikio lilifanya kazi yake. Pampu iliyokosa umeme hukaa kimya. Iliyokwama hunguruma bila maji kusogea. Yenye glasi ndani hukwaruza. Hii ilivuma sawasawa, na maji yalitetemeka kidogo juu ya shimo, lakini usawa ulishuka kwa shida sana. Pampu ilikuwa hai na inasukuma. Kilichoizuia kilikuwa mbele yake.

Kama ingekaa kimya, ningechomoa plagi tena, nikaifikia pampu na kuipima kwa mita. Pampu nyingi za volti 230 zenye koili ya kawaida huonyesha ohm mia na zaidi kidogo hadi mia mbili na kitu. Mita isiposoma chochote, waya wa koili umekatika na pampu inabadilishwa. Kipimo hicho hakifai kwa pampu za kisasa zinazoendeshwa na bodi yake yenyewe. Na pampu ikipimwa ikawa nzima lakini haipati umeme, tatizo liko kwenye nyaya au bodi kuu, na hiyo ni kazi nyingine.

Vilibaki mpira na sinki. Kuvitenganisha kunahitaji ndoo tu. Nilichomoa plagi, nikalegeza klipu chini ya sinki na kuutoa mpira kwenye trapu, nikauingiza kwenye ndoo iliyowekwa sakafuni, kisha nikawasha tena. Maji yakitoka kwa nguvu, mpira ni mzima na lawama ni ya sinki. Trapu inaweza kuwa imejaa mafuta, au katika jiko jipya, kile kidomo cha trapu kinachopokea mpira bado kina kizibo chake cha kiwandani ambacho fundi bomba alipaswa kukikata. Yakichuruzika, kizuizi kiko ndani ya mpira.

Yalichuruzika, wembamba wa kalamu.

Tukaivuta mashine nje. Nyuma yake jibu la dada kuhusu vigae lilionekana wazi. Mashine iliposukumwa kurudi mahali pake, mpira ulibanwa kati ya mgongo wa mashine na koki ya maji iliyochomoza ukutani. Ulikuwa umekunjika kama mrija wa soda, na kwenye kona plastiki ilikuwa imebadilika kuwa nyeupe.

Kilichobaki kuelezwa ni ile wiki ya kwanza ambayo mashine ilifanya kazi. Mpira ulipobanwa siku ya kwanza, njia ya maji kwenye kona ilikuwa imepungua tu, haijaziba. Lakini maji ya kuoshea hutoka yakiwa ya moto, nyuzi 60 na zaidi katika programu kali, na moto huilainisha plastiki. Kila mzunguko uliilegeza kona na mgandamizo wa ukuta ukaibana zaidi, na utando wa mafuta ukaganda pale palipokuwa pembamba. Ndiyo maana tatizo lilikua taratibu, jambo ambalo humfanya mtu afikirie pampu inayochoka badala ya mpira uliobanwa.

Tuliunyoosha na kujaribu tena. Lita 4 zilitoka ndani ya sekunde 25 hivi. Hata hivyo sikuuacha mpira ule. Plastiki iliyokwisha kukunjika hadi kuwa nyeupe hukumbuka kona yake, na moto wa kesho huirudisha. Dada alikwenda nao Kariakoo mkononi ili alinganishe vipenyo vya ncha zote mbili, maana mipira hii inafanana kwa macho na kutofautiana kwa milimita chache zinazotosha kuvujisha maji. Tuliupitisha mpya kwenye tundu la ubavu wa kabati, mbali na koki, na mashine ikabaki sentimita 4 mbele ya pale ilipokuwa.

Kabla ya kuufunga niliupandisha hadi chini ya meza ya jiko, nikaufunga hapo, ndipo ukashuka kwenye trapu. Mwinuko huo huzuia maji ya sinki yasirudi kwenye mashine. Vitabu vya mashine nyingi huomba mpira upande angalau sentimita 40 hadi 50 kutoka sakafuni na usizidi mita moja, maana ukizidi sana pampu huelemewa.

Kwa walio nyumba za chini karibu na bonde la Msimbazi, mwinuko huo una mpaka wake. Mto unapofurika na mabomba ya majitaka yakajaa, maji yanaweza kurudi kupitia sinki. Dalili ni maji kuonekana mashine ikiwa imezimwa, yakinuka choo badala ya mabaki ya chakula. Hapo hakuna chujio wala pampu ya kulaumiwa. Mpira hutolewa kwenye trapu na kuning'inizwa juu hadi bonde likauke, na mashine huoshwa kwa mzunguko mtupu wa moto kabla ya chombo chochote kurudi ndani.

Jioni ile mzunguko ulipokwisha, dada alilinyanyua chujio mwenyewe. Chini yake palikuwa na maji kidogo yaliyofunika sakafu ya shimo, akanitazama kwa wasiwasi. Nilimwambia hayo yanapaswa kuwapo, kwa kuwa huzuia sili za pampu zisikauke. Usawa wa kuogopa ni ule unaopanda hadi kwenye wavu.