Kony 2012 iliomba mambo manne, ikapata lile jepesi

Filamu ya Kony 2012 imekosolewa sana kwa namna ilivyosimulia vita vya kaskazini mwa Uganda. Waganda wengi walilalamika kwamba imerahisisha mambo mno, na kwamba Joseph Kony alikuwa ameshaondoka nchini mwao miaka kadhaa kabla. Lawama hizo zina uzito wake. Lakini hapa nataka tuangalie kipande kingine, kile cha mwishoni, pale mtazamaji anapoambiwa: haya, sasa fanya hivi. Kwa yeyote anayetengeneza video za sayansi, afya au mazingira, kipande hicho kina somo kubwa.

Kwanza tukumbushane. Filamu ilitolewa na shirika la Kimarekani la Invisible Children tarehe 5 Machi 2012. Ina urefu wa dakika 30 hivi, na ndani ya siku sita ilikuwa imetazamwa mara milioni 100. Lengo lake lilitajwa waziwazi: Kony akamatwe kabla mwaka 2012 haujaisha. Na njia yake ilielezwa vizuri tu. Oktoba 2011 Marekani ilikuwa imetuma washauri wa kijeshi wapatao 100 kusaidia majeshi ya eneo hilo kumsaka. Hofu ya waandaaji ilikuwa kwamba wananchi wakinyamaza, wanasiasa watawarudisha washauri hao nyumbani. Kwa hiyo wananchi wapige kelele, washauri wabaki, Kony akamatwe. Uikubali au uikatae, hoja inaeleweka.

Sasa angalia wanachoomba. Ndani ya filamu tunaombwa kuwasukuma watu maarufu 20 na watunga sera 12. Kisha tunaombwa kutoka usiku wa tarehe 20 Aprili kubandika mabango mijini. Mwishoni msimulizi anasema kuna mambo matatu ya kufanya sasa hivi: kusaini ahadi, kununua bangili na boksi la vifaa vya kampeni, na kujiandikisha kuchangia dola chache kila mwezi. Akimaliza matatu hayo anaongeza la nne, tena analiita kubwa kuliko yote: sambaza filamu hii, ni bure.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Umempa mtu matatu, kisha unamwambia la nne ndilo kubwa, kwa hiyo yale matatu umeyashusha mwenyewe. Isitoshe, hilo la nne ndilo jepesi kuliko yote. Halitaki pesa, halitaki kuinuka kwenye kiti, na kitufe chake kiko palepale kwenye skrini. Mtu akishabofya anajisikia amemaliza kazi yake. Siku 46 baadaye ilipofika ile Aprili 20, waliojitokeza kubandika mabango walikuwa wachache mno ukilinganisha na hesabu ya watazamaji. Na ile hatua iliyobeba hoja yote, yaani mwananchi kumwambia mbunge au seneta wake kwamba washauri wabaki, haimo kabisa kwenye orodha ya mwisho.

Mtu atasema: si lengo lilikuwa Kony ajulikane? Akajulikana! Ni kweli, na tuwe wa haki: mwezi huohuo wa Machi maseneta wa Marekani waliwasilisha azimio la kumlaani Kony. Lakini filamu yenyewe inasema kujulikana kwake ni njia tu ya kufika kwenye kukamatwa. Mwaka 2012 uliisha bila Kony kukamatwa, na mwaka 2017 Marekani na Uganda zote zilisitisha msako. Sidai kwamba wito mzuri ungemkamata, maana msituni kuna mambo ambayo hakuna video inayoyaweza. Ninachodai ni kwamba nguvu ya mamilioni ya watu ilielekezwa mahali ambapo haikuwa na kazi tena baada ya wiki ya kwanza.

Kuna utafiti wa zamani unaosaidia kuelewa hili. Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Chuo Kikuu cha Yale. Wanafunzi walisoma kijitabu kuhusu pepopunda, wengine chenye picha za kutisha, wengine cha upole. Baadhi yao walipewa pia ramani ya chuo, jengo la zahanati limezungushiwa duara, wakaombwa watazame ratiba ya wiki yao na kuchagua muda wa kwenda kuchanjwa. Kumbuka hawa ni wa mwaka wa mwisho; zahanati walikuwa wanaijua vizuri! Hata hivyo, waliopewa ramani walikwenda kuchanjwa kwa kiasi cha asilimia 28, na waliosoma kijitabu bila ramani asilimia 3 tu. Kutishwa sana kuliwafanya waseme watachanjwa, lakini hakukuongeza waliokwenda kweli.

Jaribio hilo lilikuwa la watu wachache, kwa hiyo tusizibebe asilimia zake kama sheria. Pia lina upande wa pili ambao husahaulika: waliopewa maelekezo ya zahanati peke yake, bila kijitabu, hawakwenda. Sababu na hatua vinatembea pamoja. Kony 2012 ilikuwa na sababu ya kutosha, na watu walilia. Kilichokosekana ni ile ramani yenye duara moja.

Basi ingeandikwaje? Mimi ningefuta miito yote na kubakiza mmoja, kwa mtazamaji wa Marekani: "Leo, piga simu ofisi ya seneta wako. Sema: naomba washauri wabaki mpaka Kony akamatwe. Namba iko hapa chini." Ona kilichomo: siku, mtu wa kupigiwa, maneno ya kusema na mahali pa kupata namba. Kesho asubuhi mtazamaji anaweza kujijibu ndiyo au hapana kama amefanya. Jaribu swali hilohilo kwa "simama pamoja nasi" au "tueneze uelewa". Hakuna anayeweza kujijibu, na hiyo ndiyo dalili ya wito mbovu.

Mahali pake nisingepaweka baada ya muziki wa kufunga. Ningeuweka pale filamu inapomaliza kueleza kwa nini washauri wanahitajika, sababu ikiwa bado ya moto, kisha niurudie kwa maneno yaleyale mwishoni. Ukitaka kuona kwa nini, fungua grafu ya watazamaji kwenye YouTube Studio ya video yako. Ukikuta mstari unaporomoka mara tu unaposema "kwa hayo machache", basi wito uliokuja baada ya maneno hayo umewafikia waliobaki tu. Na ile skrini ya mwisho ya YouTube, ya sekunde 5 hadi 20, inaruhusu kuweka vitu hadi vinne. Kuruhusiwa vinne si kulazimishwa vinne.

Kanuni hii ina mpaka wake. Hatua moja huwafaa watazamaji wa aina moja. Ile simu kwa seneta isingekuwa na maana kwa mtu wa Gulu au Lira, ambaye filamu haikumpa la kufanya hata kidogo. Ukiwa na watazamaji wa aina mbili, kata video mbili, kila moja na mwisho wake. Ukiwarundikia wote miito yao mahali pamoja, kila mmoja atachukua ule mwepesi na kuondoka.